Barua ya Dawa

Tuseme mzee wa Bagamoyo anakwenda Omani siku 30 kumwona mwanawe. Kabla ya safari amwombe daktari barua ya Kiingereza yenye jina lake kama lilivyo katika pasipoti, tarehe, sahihi na mhuri. Ieleze hivi:

Amlodipini miligramu 5, kidonge 1 asubuhi, kwa shinikizo la damu.
Metformini miligramu 500, kidonge 1 asubuhi na 1 jioni, kwa ugonjwa wa sukari.

Liandikwe jina la dawa yenyewe. Jina la kiwanda hubadilika nchi hata nchi. Vidonge vibaki katika pakiti zake. Akiwa na dawa kali ya maumivu, kama tramadoli, barua pekee huenda isitoshe. Aulize ubalozi kwanza kuhusu kibali.