Kutothibitika si Kukanushika

Juzi nilisoma rasimu ya tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa ualimu, na aya moja ya matokeo ikanikatiza kalamu. Alikuwa amelinganisha makundi mawili ya wanafunzi 20 kila moja. Kundi la kwanza lilisoma vifungu kwa sauti, wawili wawili. La pili lilisoma kimya kama kawaida. Kisha akaandika: "Thamani ya p ni 0.19. Kwa hivyo mbinu hii haina athari yoyote kwa ufahamu, na walimu wasipoteze wakati nayo."

Hukumu hiyo siikubali. Wastani wa kundi la kwanza ulikuwa alama 58 na wa pili 53, na katika kila kundi alama zilikuwa na mkengeuko wa 12 hivi. Thamani ya p inatuambia tu kwamba, lau mbinu hizo zingekuwa sawa, tofauti ya alama 5 au zaidi, upande wowote, ingejitokeza kwa bahati mara 19 hivi katika kila majaribio 100. Haituambii kwamba ziko sawa. Isitoshe, hata kama kusoma wawili wawili kunaongeza alama 5 kwa kweli, jaribio dogo kama hili lingeshindwa kuibaini faida hiyo takriban mara tatu katika kila nne. Ili kuibaini mara nne katika tano, angehitaji wanafunzi kama 90 katika kila kundi.

Kosa hili si la wanagenzi pekee. Mwaka 1995 wanatakwimu Douglas Altman na Martin Bland walikumbusha habari ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwa wagonjwa wa moyo. Kati ya majaribio 24, matano tu ndiyo yaliyofikia kiwango cha kitakwimu. Yalipojumlishwa yote, vifo vilionekana kupungua kwa asilimia 22. Aliyesoma jaribio mojamoja angeitupa dawa iokoayo maisha.

Tuliketi tukaiandika aya upya: "Waliosoma wawili wawili waliwazidi wenzao kwa wastani wa alama 5; mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ni kutoka -2.7 hadi 12.7 (p = 0.19). Data hizi hazitoshi kuamua. Zinapatana na hasara ndogo, na zinapatana pia na faida ya alama 12."

Aliniuliza, "Mwalimu, basi ni lini nitaruhusiwa kusema hakuna athari?" Nilimjibu kwamba kwanza ataje, kabla ya kukusanya data, tofauti ndogo kabisa yenye maana darasani, tuseme alama 3. Mipaka yote ikiangukia kati ya -3 na 3, ana haki ya kusema kwamba athari yenye maana haipo. Mipaka yake ilifika 12.7.

Akaenda kuifuta sentensi ile ile katika ikisiri, maana huko ndiko wasomaji wengi huishia.