Yaya Amerudi, Inatosha: Maneno ya Kuandika Ndugu Anapotoka Gerezani



Hapa kambini Nyarugusu si jambo geni nyumba kumpokea mtu aliyetoka gerezani. Wapo walioiba, wapo waliopigana, na wapo pia walioshikwa nje ya kambi bila kibali, wakitafuta kuni au kibarua cha shamba. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 hapa Tanzania inataka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na anayetoka bila ruhusa anaweza kufikishwa mahakamani na kufungwa. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda porini asubuhi na panga la kukatia kuni, akarudi nyumbani baada ya miezi.

Siku anayorudi, simu zinatoka mifukoni. Picha inapigwa, halafu linakuja swali: chini yake tuandike nini? Sisi tunaoangalia ukurasa wa kikundi tumeletewa picha za namna hii mara nyingi, na leo tunataka kusema maoni yetu. Maneno ya chini ya picha yaseme kwamba mtu amerudi na kwamba anakaribishwa, basi. Kesi isiingie kabisa, iwe kwa kumlaumu au kwa kumtetea.

Hiyo ya kutomlaumu kila mtu anaikubali. Ile ya kutomtetea ndiyo inabishaniwa, kwa hiyo tuangalie mfano mmoja. Tumeondoa mambo ambayo yangemtambulisha mwenyewe.

Dada mmoja alituletea picha ya kaka yake mkubwa, aliyefungwa kwa kutoka kambini bila kibali. Amesimama mbele ya geti la gereza, kichwa kimenyolewa, mfuko wa plastiki mkononi. Chini yake dada alikuwa ameandika hivi: "Hatimaye yaya ametoka jela! Mungu amewaaibisha maadui. Rais amemsamehe, ametoka kabla ya muda. Tunaamini amejifunza na hatarudia tena. Karibu nyumbani." Aliandika kwa upendo, machozi yakimtoka. Lakini tukaisoma naye sentensi moja moja.

"Ametoka jela" ni kweli, ila ni kweli inayomtangulia mtu kila anakokwenda. Kaka huyu ni fundi wa matofali. Mwezi ujao mtu anamtafuta amjengee ukuta, anafungua simu, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni neno jela. Skrinshoti haizeeki. Ukiandika "amerudi nyumbani", anayejua alikotoka anajua, na asiyejua hajapungukiwa na chochote.

"Mungu amewaaibisha maadui" inaonekana kama sala, lakini inafungua kesi upya. Maadui ni akina nani? Katika mtaa wao kulikuwa na uvumi kwamba jirani fulani ndiye aliyetoa habari. Hakuna aliyethibitisha. Jirani yule akisoma maneno hayo atajiona yeye, naye atajibu, na jibu lake litakuwa kueleza kwa watu wote kaka alishikwa wapi na alikuwa anafanya nini. Kabla jua halijazama, watu wote watakuwa mahakimu. Ndiyo maana tunasema hata kumtetea ndugu hadharani ni kuhukumu, kwa sababu unamsafisha mmoja kwa kumpaka mwingine.

"Rais amemsamehe, ametoka kabla ya muda." Hapa tulimwuliza dada maswali, na tukagundua kwamba haikuwa hivyo. Kaka alihukumiwa miezi 6 na akatoka baada ya 4. Sheria ya magereza inampa mfungwa mwenye tabia njema, ambaye kifungo chake kinazidi mwezi mmoja, punguzo la theluthi moja ya kifungo. Theluthi ya 6 ni 2, inabaki 4. Hesabu ni hiyo tu. Msamaha wa Rais ni kitu kingine, na mara nyingi hutangazwa kwenye sikukuu za taifa kama 26 Aprili au 9 Desemba.

Kwa nini hili ni jambo kubwa? Kwa sababu majirani nao wanahesabu. "Si walisema sita? Mbona ni minne? Amehonga, au ametoroka?" Halafu mwingine anasema siku ile hakukuwa na msamaha wowote, kwa hiyo familia inadanganya. Neno moja lililowekwa vibaya linazaa uvumi ambao mwenye kurudi ndiye atakayeubeba. Kiswahili chetu kina maneno yanayotofautiana hapa. Mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijaisha, bado hajahukumiwa. Aliyemaliza kifungo si sawa na aliyesamehewa, na wote wawili si sawa na aliyeshinda rufaa. Ana kwa ana, jirani akiuliza kwa wema, mweleze ile theluthi na atakuelewa. Chini ya picha, acha yote. "Amerudi" ni kweli kwa kila mmoja wao.

Ikabaki sentensi ambayo dada aliipenda kuliko zote: "Tunaamini amejifunza na hatarudia tena." Inasikika kama matumaini. Lakini ukiisikiliza vizuri ni sharti. Inamwambia kaka mbele ya watu wote kwamba amepokelewa kwa majaribio. Na amejifunza nini hasa? Alikwenda kutafuta kuni. Chungu bado kinataka moto, na kuni hazijasogea karibu. Tukisema hatarudia, tunamtwika yeye peke yake mzigo ambao ni wa nyumba nzima.

Matumaini yasiyohukumu yanasema sisi tutafanya nini. Tulimwuliza dada: mmeandaa nini kwa ajili yake? Akasema mama amepika sombe, kitanda chake hakikuguswa, na Jumatatu watakwenda naye kwenye ofisi ya uandikishaji. Tukamwambia, hayo ndiyo ya kuandika.

Hilo la ofisi tulieleze kidogo. Mgao wa chakula hapa unahesabiwa kwa watu walioandikwa katika familia. Mtu asipokuwepo wakati wa uhakiki, jina lake linaweza kuwekwa pembeni, na akirudi lazima aende mwenyewe na familia yake wakaeleze alikuwa wapi. Ile barua ya gereza inayoonyesha tarehe ya kutoka isitupwe kwa hasira wala kuchomwa kwa aibu. Inasaidia sana siku hiyo. Na ofisini mtu aseme ukweli wote, bila kuruka kitu. Kutoandika kesi kwenye Wasap si kuificha kwa wanaopaswa kuijua. Ofisi inauliza kwa sababu ya kazi yake. Stetasi haijauliza kitu.

Kabla ya kuposti, kaka mwenyewe aliulizwa. Hili watu wengi wanalisahau, wanadhani furaha ya familia ndiyo ruhusa. Alikaa siku mbili bila kujibu, nasi tukangoja. Kisha akasema picha ya geti hataki. Akapigwa nyingine chini ya mwembe, amevaa kofia, maana kichwa kilichonyolewa nacho kinasema kitu. Maneno yakawa haya:

"Yaya wetu amerudi nyumbani. Sombe imeiva, kitanda chako kiko palepale. Tumefurahi kukuona. Jumatatu tunaanza pamoja."

Hayana uongo hata mmoja. Hakuna jela, hakuna maadui, hakuna sharti. Wenye kujua walielewa Jumatatu ni siku ya nini. Wengine waliona tu familia inayompenda mtu wake.

Sasa, tunajua kuna wanaosema: na kama alimwumiza mtu? Swali hilo ni la haki. Mfano wetu ulikuwa mwepesi, maana hakuna aliyelia kwa sababu ya kuni. Lakini kama ndugu alimpiga mtu au alimdhulumu, na yule aliyeumizwa anachota maji kwenye bomba lilelile, mambo yanabadilika. Kwa maoni yetu, hapo msiposti hadharani kabisa. Mkaribisheni ndani, mpikieni, tumeni picha kwenye kikundi cha familia peke yake. Kutomhukumu ndugu yako kusigeuke kuwa sherehe mbele ya macho ya mtu ambaye bado ana kovu. Na kama kuna kupatanishwa, kuwe kwa wazee au viongozi wa kijiji, yule aliyeumizwa akitaka mwenyewe. Maneno ya picha hayapatanishi watu.

Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuna ombi moja. Mkiona picha kama hiyo msiichukue kuiweka kwenye taarifa zenu na kuandika "mnufaika aliyetoka gerezani", hata kama nia ni kuonyesha kazi nzuri. Mkihitaji kumsaidia, mfuateni nyumbani kama mnavyomfuata mtu mwingine yeyote. Mmekuta ameitwa yaya, basi mwacheni awe yaya.

Na sisi tunaosoma, tuna kazi yetu pia. Ukiona ndugu wa mwenzako amerudi, jibu ni fupi: "Karibu nyumbani, pole na yaliyokupata." Usiulize alifungwa kwa nini. Usiandike "tulisikia ulikuwa huko". Usiweke kale kauso kenye jicho pembeni, maana nako kanauliza. Kama unataka kufanya zaidi, muulize familia yake Jumatatu wanaondoka saa ngapi, uwasindikize. Foleni ya ofisi huwa ndefu, na mtu aliyekaa miezi 4 akihesabiwa asubuhi na jioni hapendi kusimama peke yake kwenye mstari.