Usiifiche Kazi ya Dukani

BARUA YA UGHAIBUNI
Na Zuhura Makame

Septemba ikiingia, Uwanja wa Northwest unajaa mashabiki wa mpira wa Kimarekani, foleni ya magari inaziba barabara za Landover, na vijana wetu wanaanza kuniletea wasifu niwapitishie jicho. Wanatafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo za kiangazi cha mwaka unaofuata, maana kampuni nyingi kubwa za huku hazingoji kiangazi kifike ndipo zipokee maombi. Wasifu wenyewe ni aya moja, maneno mia hivi, ya kuweka LinkedIn au Handshake, au ya kumtumia mtu anayefahamiana na mjomba. Nyingi ninazozisoma zina kasoro ile ile: cheo cha chuoni kimepigwa msasa hadi kinang'aa, na kazi ya kulipwa kwa saa haimo kabisa.

Najua inakoanzia. Inaanzia nyumbani. Baba aliyekuwa mwalimu mkuu kwao, leo anaendesha teksi kati ya hapa na uwanja wa ndege, hapendi kuona mwanawe anajitambulisha kwa watu kama keshia. Mama naye anaona cheo cha katibu wa chama ndicho cha kuwaambia watu harusini. Nawaelewa. Lakini anayeusoma wasifu si mgeni wa harusi. Ana mamia ya maombi mezani, na swali lake ni moja: huyu kijana amewahi kukabidhiwa nini na mtu asiye ndugu yake?

Tumchukue mwanafunzi wa kufikirika, ingawa wasomaji wa Landover watadhani wanamjua. Alisoma miaka 2 Chuo cha Jamii cha Prince George's, pale Largo, kwa sababu ada ni nafuu, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Maryland, College Park. Yuko mwaka wa 3, anasoma uhasibu. Jumamosi na Jumapili ni keshia wa supamaketi, na chuoni ni mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Wasifu wake wa kwanza unasomeka hivi: "Mimi ni kiongozi mahiri na mwenye ari kubwa, ninayependa changamoto na kufanya kazi na watu. Kama mmoja wa viongozi wa chama chetu, tumeandaa shughuli nyingi zenye mafanikio makubwa."

Lifute jina lake, uandike la mwenzake yeyote, na wasifu huo utamfaa vilevile. Tazama pia anavyoanza na "mimi" kwenye sifa, kisha anakimbilia "tumeandaa" anapofika kwenye kazi. Sisi tumelelewa tusijitangulize, na ni malezi mema, lakini hapa yamegeuka: amejisifu pasipohitajika sifa, akajificha pale alipotakiwa kusema alichofanya.

Sasa tumuulize kazi ya mweka hazina ni nini hasa. Atakwambia kwamba fedha za shughuli hutoka serikali ya wanafunzi, nayo haitoi mpaka iandikiwe bajeti, kila kitu na bei yake. Usiku wa utamaduni waliombea dola 3,000, wakapewa 1,800. Yeye ndiye aliyekaa na karatasi akaamua bendi iondoke, chakula kibaki, na muziki upigwe na mwanachama mwenye spika zake. Watu 140 walikuja, na hesabu ilifungwa bila deni. Huo ndio uongozi: kukata kitu ambacho wenzako wanakipenda na bado shughuli ikafanyika. Mbona hakuyaandika hayo? Kwa sababu aliona ni mambo ya karatasi tu.

Kazi ya dukani ndiyo tajiri zaidi, na ndiyo aliyoificha. Keshia huanza zamu kwa kuhesabu fedha za droo na huimaliza kwa kuzihesabu tena. Kilichomo kikipishana na kilichosajiliwa na mashine, ataulizwa. Mwanafunzi wetu amefanya hivyo kwa miezi 18. Baada ya mwaka, msimamizi alianza kumkabidhi makeshia wapya awafundishe, na mpaka sasa ni 6. Kwa mtu anayeomba mafunzo katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, sijui ushahidi gani ungekuwa bora. Cheo cha chama alipewa kwa kura za marafiki. Wale makeshia 6 alipewa na mtu ambaye angepata hasara kama angekosea.

Nikamwandikia upya hivi: "Ninasoma uhasibu, mwaka wa 3, Chuo Kikuu cha Maryland, baada ya kuhamia kutoka Chuo cha Jamii cha Prince George's. Kwa miezi 18 nimekuwa keshia wa wikiendi katika supamaketi, ninafunga hesabu ya droo kila zamu, na nimefundisha makeshia wapya 6. Nikiwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa Kiafrika, nilipanga upya bajeti ya usiku wa utamaduni kutoka dola 3,000 hadi 1,800. Walikuja watu 140 na hatukubaki na deni. Natafuta mafunzo ya kiangazi katika ukaguzi wa hesabu. Nazungumza Kiswahili na Kiingereza."

Hakuna neno "kiongozi" hata mara moja. Akitaka kuuweka LinkedIn, jambo zito lije mapema, kwa kuwa ukurasa huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, mengine hujificha mpaka msomaji abofye. Na asiongeze chumvi. Chama chenye majina 200 kwenye kundi la simu na watu 30 mkutanoni ni chama cha watu 30, na kwenye usaili swali la pili tu litaufichua uongo: "Mlikuwa mnakutana wapi nyote?"

Kuna kundi moja ambalo haya ya dukani hayalihusu, nalo lisikilize kwa makini. Aliyekuja kwa viza ya F-1 kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akiwa amefanya kazi ya nje bila idhini kisha akaitangaza kwenye wasifu, ameweka ushahidi dhidi yake mwenyewe hadharani. Aandike ya maktaba au ya bwalo la chuo; kuna zamu huko na kuna wapya wa kufundishwa. Hata mafunzo yenyewe nje ya chuo yanahitaji idhini, aghalabu ile iitwayo CPT: kwa kawaida awe amemaliza mwaka mzima wa masomo, kazi ihusiane na anachosomea, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni impe I-20 mpya yenye jina la mwajiri na tarehe kabla hajaanza siku ya kwanza. Habari za viza hazina nafasi kwenye wasifu. Fomu ya maombi itauliza kama ana kibali cha kufanya kazi, na hapo ajibu ukweli.

Kabla ya kutuma, mwanafunzi amwonyeshe msimamizi wa duka ile sentensi ya makeshia 6 na kumuuliza kama atakubali kuithibitisha akipigiwa simu. Afanye hivyo mapema na achukue namba yake binafsi, maana wasimamizi wa maduka huhamishwa matawi mara kwa mara, na simu ya mwajiri huenda ikaja miezi kadhaa baadaye.