Usimwombe mtu wateja wake kabla hajakuona ukifundisha

Wadau, nimeadimika kidogo, mtanisamehe. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, halafu ikaingia hii ishu ya tuisheni ambayo wengi mmekuwa mkiniuliza.

Mnajua mimi na wenzangu wawili tunafundisha hisabati kwa watoto wa kidato cha nne, Jumamosi. Karibu na tunapokaa kuna mama mwenye stesheneri. Wazazi wanakuja kwake kuchapisha mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita. Yaani wateja tunaowatafuta wanasimama pale kaunta kila siku! Tukamwandikia barua pepe tukiomba atuelekezee wazazi, na kwa kila mwanafunzi tumpe kamisheni ya shilingi 5,000. Kurasa mbili nzima, maono yetu, malengo yetu, sijui nini. Kimya wiki tatu.

Siku moja nimeenda kutoa kopi, akaniambia mwenyewe: "Mwanangu, niliiona barua yenu. Mlitaka niwape wateja wangu, lakini nyie siwajui." Kumbe aliwahi kumsifia mwalimu mmoja kwa wazazi, jamaa akachukua ada ya mwezi akayeyuka. Wazazi hawakumtafuta mwalimu, walikuja kaunta kwake.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo, na ndiyo hoja yangu leo. Kuelekezana wateja ni kuazima jina la mtu. Huwezi kuanza na hilo. Anza na semina moja ya pamoja ambayo ataiona kwa macho yake, na ikiharibika hasara iwe yako. Barua ya pili ilikuwa hii:

"Mama, shikamoo. Ni mimi wa tuisheni ya hisabati. Naomba tufanye pamoja semina moja tu, Jumamosi, saa tatu hadi saa tano asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma ya duka lako. Tutasahihisha mtihani mmoja wa zamani na watoto 20. Kila mtoto atalipa 1,000, na hela utapokea wewe dukani. Kurasa 6 kwa kila mtoto utachapisha kwa bei yako ya kawaida ya 100, jumla 12,000. Viti tutakodi kwa 6,000. Inayobaki 2,000 ni ya chaki na maji, sisi hatuchukui kitu. Wasipofika 12 hadi Alhamisi tunaahirisha, na wewe unawarudishia hela zao. Baada ya hapo ndipo utaamua kama utatuelekezea wazazi au la. Jumatano jioni nitapita dukani kusikia jibu."

Basi. Angalieni vitu viwili humo. Hela inapita mikononi mwake, kwa hiyo hofu ya mtu kuyeyuka na ada haipo. Halafu kuchapisha na viti kwa kila mtoto ni 900, naye ameshalipa 1,000, kwa hiyo wakija 12 au 20 hakuna wa kudaiwa. Hesabu hiyo ipigeni kabla ya kutuma, maana mfanyabiashara ataipiga kwa sekunde tano.

Kamisheni tuliifuta kabisa, na hapa mwenzangu mmoja tumebishana mpaka usiku. Yeye anasema bila hela mama atasahau kututaja. Mimi nasema mzazi akija kujua kwamba alitajiwa mwalimu kwa sababu ya 5,000, hatamwamini mama wala sisi. Badala yake tulipendekeza kubadilishana: yeye akituma mzazi, anampa kikaratasi chenye mhuri wa duka. Sisi wanafunzi wetu wakihitaji kuchapa, wanakwenda kwake na kikaratasi chenye saini yangu. Mwisho wa mwezi tunahesabu vikaratasi pamoja. Bila hivyo mnaishia kubishana: yeye atasema nimetuma saba, nyie mtasema tumeona watatu, na wote mtakuwa mnasema kweli, kwa sababu wazazi wengine huambiwa halafu hawaji.

Kuna kasoro moja sitaificha. Mpango huu unafaa pale ambapo biashara hazigongani. Ingekuwa mama naye ana tuisheni yake kule nyuma, barua nzuri kiasi gani isingesaidia, ungekuwa unamwomba ajipunguzie.

Na kupita Jumatano msipuuze. Nilimkuta barua hajaifungua! Kaisomea palepale kwenye simu, kaunta imejaa watu. Akauliza swali moja tu: mvua ikinyesha? Tulikuwa hatujafikiria, jamani, uwanja hauna paa. Akasema tuhamie barazani, ila baraza linachukua 14, si 20, na isiwe Jumamosi ya mwanzo wa mwezi kwa sababu ana foleni.

Kwa hiyo ni watoto 14, Jumamosi ya pili. Mwenye ubao wa kuazima anishtue, wa kwetu umepasuka katikati.