Mwanachama wa SACCOS akifariki, nani alipwe: mjane au mpwa?

Katika milima ya Uluguru swali hili halina jibu jepesi. Kwa mila ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ndiyo maana mali ya mwanaume, hasa ardhi ya ukoo, imezoeleka kurudi kwa wapwa zake, yaani watoto wa dada zake. Familia nyingi leo huwaachia watoto mali waliyoichuma wazazi. Familia za Kiislamu nazo hugawa kwa mafungu ya dini. Njia hizi tatu zinaweza kukutana katika nyumba moja, tena katika wiki ileile ya msiba.

Kwa shamba, watu wataita kikao. Kwa fedha zilizoko kwenye chama cha akiba na mikopo, kuna karatasi inayotangulia kikao. Ni fomu aliyoijaza marehemu siku aliyojiunga, ile yenye nafasi ya kuandika jina la mrithi. Wengi huijaza haraka, wakiwa na haraka ya kupata mkopo, kisha wanaisahau. Makala haya yanaeleza fomu hiyo ina nguvu gani, na mwenye haki aombeje fedha bila kuzungushwa.

Sheria inasemaje

Vyama hivi vinasimamiwa na sheria mbili: Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Msimamizi wao wa karibu ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo ina Mrajis Msaidizi katika kila mkoa, Morogoro ikiwemo. Wilayani yupo Afisa Ushirika.

Kanuni ya ushirika kuhusu kifo ni hii. Mwanachama akifariki, chama humhamishia hisa zake, au humlipa thamani yake, yule aliyeteuliwa na marehemu kwa maandishi. Kama hakuna aliyeteuliwa, fedha huenda kwa mrithi au msimamizi wa mirathi. Chama kikilipa kwa kufuata utaratibu huo, kinakuwa kimejikinga. Mwingine akija baadaye na madai, atamfuata aliyepokea fedha. Chama hakitalipa mara ya pili.

Kwa hiyo fomu inaiambia Bodi imlipe nani. Haimalizi ugomvi wa ndugu. Huko Kenya, Mahakama Kuu imewahi kuamua kuwa fedha za SACCO zenye mteule haziingii kabisa kwenye mirathi. Hukumu hiyo husambaa sana kwenye simu zetu, lakini ni ya sheria ya Kenya. Usiende nayo kwenye kaunta ya chama chako hapa Morogoro ukitegemea itakubalika. Soma masharti ya chama chako, maana ndiyo Bodi inayoyashika mkononi.

Tuchukue mfano

Tuseme mkulima wa mboga wa Nyandira, tarafa ya Mgeta, amefariki. Alijiunga na SACCOS akiwa kijana ambaye hajaoa, akaandika jina la mpwa wake kuwa mrithi. Baadaye alioa, akapata watoto watatu, na mkewe ndiye aliyekuwa akibeba kabichi hadi gulioni. Fomu haikubadilishwa. Sasa mjane ana kitabu cha akiba, mpwa anaishi Dar es Salaam, na chama kinasubiri.

Jambo la kwanza ni kujua kiasi. Mjane asiishie kuuliza "ana shilingi ngapi?" Aombe taarifa ya maandishi inayoonyesha hali ya akaunti siku ya kifo, kila fungu peke yake. Hisa ni sehemu ya marehemu katika umiliki wa chama. Kwa kawaida hazitolewi kama akiba, ila huhamishwa au hulipwa thamani yake. Akiba ni fedha alizoweka kila mwezi, ambazo pia zilikuwa dhamana ya mkopo. Amana ni fedha za ziada alizoweka kwa hiari au kwa muda maalumu, na zinaweza kuwa na riba.

Tuseme chama kimetoa hesabu hii: hisa 20 za shilingi 10,000, yaani shilingi 200,000, akiba shilingi 1,350,000, amana shilingi 400,000. Upande wa pili kuna mkopo uliobaki shilingi 600,000 na riba shilingi 24,000.

Deni hukatwa kwanza. Akiba na amana ni shilingi 1,750,000. Ukitoa deni la shilingi 624,000, zinabaki shilingi 1,126,000. Ukiongeza hisa, jumla ya kudaiwa ni shilingi 1,326,000.

Kabla ya kukubali hesabu hiyo, mjane aulize mambo matatu. Je, mkopo ulikuwa na bima au mfuko wa kinga? Kama ulikuwepo na masharti yake yametimia, deni linalipwa na mfuko, na familia inapata shilingi 1,950,000 zote. Je, riba iliyokatwa imehesabiwa hadi siku ya kifo, au imeendelea kukua wakati familia ikihangaika na karatasi? Na je, marehemu alimdhamini mwanachama mwingine? Kama alimdhamini na mkopo huo haujaisha, chama kinaweza kushikilia sehemu ya akiba. Familia ina haki ya kuambiwa ni kiasi gani, cha mkopo upi, na hadi lini.

Kuiona fomu

Jambo la pili ni kuiona fomu yenyewe, badala ya kuambiwa tu kilichoandikwa. Tazama tarehe, sahihi au dole gumba, shahidi, na kama kuna fomu mpya zaidi iliyochukua nafasi yake. Linganisha na daftari la wanachama. Ukiona jina limefutwa na kuandikwa jingine bila sahihi, au wino wa sehemu ya mrithi ni mpya kuliko wa fomu nzima, hapo pana la kuuliza. Omba nakala, au omba ruhusa uipige picha kwa simu.

Fomu ikiwa safi na jina ni la mpwa, chama kina msingi wa kumlipa mpwa. Mjane anayeamini fedha hizo ni jasho lake na watoto asikae kimya akitegemea huruma. Aandike barua kwa Bodi kabla ya malipo, aseme kuna mgogoro, aombe malipo yasimame kwa muda, kisha aende mahakamani mapema. Barua ikifika baada ya fedha kutoka, kazi yake inakuwa kumtafuta mpwa Dar es Salaam.

Mteule akiwa amefariki kabla ya mwanachama, au nafasi ya mrithi ikiwa wazi, fomu haisaidii tena. Hapo chama kitaomba msimamizi wa mirathi. Kwa mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu, maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Muhtasari wa kikao cha familia husaidia kuonyesha nani amependekezwa, lakini muhtasari huo pekee haumpi mtu mamlaka ya kupokea fedha. Mamlaka yanatoka mahakamani. Aliyeteuliwa ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, na fedha za SACCOS lazima ziwemo.

Mteule akiwa mtoto chini ya miaka 18, chama hakiwezi kumkabidhi fedha mkononi. Kitataka mlezi anayetambulika, na masharti ya vyama hutofautiana kuhusu nani anakubalika.

Karatasi na barua

Karatasi inayokwamisha watu wengi ni cheti cha kifo. Kibali cha mazishi si cheti. Kifo kilichotokea nyumbani kitolewe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji ndani ya siku 30, kisha cheti kifuatiliwe kwa msajili wa wilaya. Majina ni mtego mwingine. Kitabu cha chama kikiwa na jina la utani na kitambulisho kikiwa na jina la ubatizo, utahitaji kiapo kinachosema ni mtu mmoja. Litatue hilo kabla hujapanda gari kwenda ofisini.

Barua yenyewe iwe fupi:

"Mwenyekiti wa Bodi. Yah: Maombi ya kuhamishiwa hisa na kulipwa akiba na amana za marehemu, mwanachama namba (…). Mimi ni mke wa marehemu aliyefariki tarehe (…). Naomba: kwanza, taarifa ya hisa, akiba, amana, gawio, mkopo na udhamini wake hadi siku ya kifo, pili, nakala ya fomu ya mrithi, tatu, kujulishwa kama mkopo una bima na kama kuna rambirambi ya chama, nne, malipo au uhamisho kwa anayestahili. Nimeambatisha nakala ya cheti cha kifo, kitambulisho changu na kitabu cha akiba. Naomba majibu kwa maandishi."

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo. Kitabu halisi cha akiba usikiache bila stakabadhi.

Kuhusu hisa, mrithi anaweza kuhamishiwa zikiwa hisa, ila awe na sifa za uanachama. Masharti yakitaka mwanachama awe mkazi wa kata hiyo, mpwa wa Dar es Salaam hatakuwa na sifa, na atalipwa thamani yake. Mjane anayeishi hapo anaweza kujiunga na kuendelea nazo, kama ndiye anayestahili.

Wakikuzungusha

Chama kinaweza kuchelewa kwa sababu halali, kwa mfano kusubiri kikao cha Bodi au kukosa fedha za kutosha kwa wakati huo. Sababu halali huandikwa na kupewa tarehe. Kauli ya "njoo wiki ijayo" mara tatu bila karatasi ni dalili ya kuandika tena, safari hii nakala ikienda kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Bodi isipojibu, malalamiko yaende kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, mjini Morogoro. Ukikuta ofisi imefungwa, hukohuko ndiko pa kuulizia kama chama kimeungana na kingine au kimefutwa, na nani anashika vitabu vyake.

Kwa mwanachama aliye hai, mfano wa Nyandira ungemalizika kwa ziara moja ofisini. Angeomba fomu mpya, akaandika majina yote anayoyataka na asilimia ya kila mmoja. Kama angetaka mpwa apate 20 na mke na watoto 80, angeandika hivyo, akatia sahihi mbele ya shahidi na kubaki na nakala. Wajomba wasingekuwa na la kubishana, na mjane asingelazimika kuthibitisha kwa wageni kwamba ile kabichi aliibeba yeye.