Si Kila Joho Linapongezwa kwa Maneno Yale Yale

Msimu wa mahafali ukifika, simu hujaa majoho. Unapitisha kidole, unaona picha, unaandika "Hongera!" halafu unaenda zako. Sawa, si kosa. Lakini ukimwandikia binamu yako neno hilo moja, na mwalimu wako wa zamani umnakilie lilo hilo, wote wawili watajua haukusimama.

Kabla uandike chochote, soma maelezo yaliyo chini ya picha. Stashahada si shahada, na uzamili si uzamifu. Ukimwita "Daktari" mtu aliyefuzu uzamili, unamlazimisha akurekebishe mbele ya wafanyakazi wenzake, au anyamaze aonekane amejipandisha cheo. Kama maelezo hayasemi, andika tu "kwa kufuzu" na uache hapo.

Tuanze na binamu. Huyu mmelala kitanda kimoja kwa shosho, kwa hivyo ukimwandikia "Nakutakia kila la heri katika maisha yako ya baadaye" atashangaa kama una homa. Mwite kwa jina la nyumbani, bora liwe jina asiloona haya nalo, kisha utaje kitu kimoja mnachokijua nyinyi wawili. Utani unaruhusiwa, hata ule wa maneno ambayo chansela huyatamka, kwamba sasa una mamlaka ya kusoma. Mimi ningeandika hivi:

"Kadogo wa shosho! Kumbe ile koroboi haikuchoma mafuta bure. Sasa umepewa mamlaka ya kusoma, basi anza na zile barua za shosho. Hongera, binamu!"

Ona nilichoacha. Sijaandika "hatimaye", maana kama alikaa miaka saba badala ya minne kwa sababu ya karo, neno hilo linamhesabia miaka mbele ya watu. Sijataja mchango wala ng'ombe aliyeuzwa. Wala sijauliza kazi ni lini au harusi ni lini. Hayo ya karo, mpigie simu jioni mkumbushane, mcheke au mlie. Chini ya picha, yanasomwa na mtu ambaye huenda kesho atamhoji kazini.

Sasa mwalimu. Walimu wengi hapa Kenya husomea shahada wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, huku sisi tukicheza. Kwa hivyo usishangae kumwona aliyekufunza insha amevaa joho akiwa na mvi. Usimwandikie "Najivunia wewe, endelea hivyo hivyo." Hayo ni maneno ya mkubwa kwa mdogo, kama yale aliyokuandikia yeye kwenye ripoti ya shule. Mwite Mwalimu, na kama nyinyi ni wa Pwani, tanguliza shikamoo.

Halafu jitambulishe. Amefunza mamia ya watoto, na jina unalotumia mtandaoni pengine si lile alilokuwa akiliita kwenye rejista. Taja darasa na mwaka, kisha kitu kimoja alichokuachia:

"Hongera sana, Mwalimu, kwa kufuzu shahada ya uzamili. Mimi ni mwanafunzi wako wa darasa la nane, 2014, yule uliyempa daftari la insha. Mpaka leo naandika. Mungu azidi kukubariki."

Kuna utani mmoja ambao usiuthubutu hapa, ule wa viboko. "Mwalimu, zile fimbo zako ndizo zilinitengeneza!" Wewe unacheka, lakini viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikafanya kumwadhibu mwanafunzi kimwili kuwa kosa linaloadhibiwa. Ukiutania mwaka 2014 hadharani, umemshtaki mwalimu wako siku yake ya furaha, na wazazi wa wanafunzi wake wa sasa wanasoma.

Tuseme ukweli pia kuhusu sisi ambao joho halikutufikia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Binamu akifuzu, kuna sauti inayokuambia upite kimya. Shida ni kwamba kimya chako kinaonekana, na jamaa watakiita wivu hata kama ni uchungu tu. Lakini pia usiandike "na mimi siku moja nitafika", kwa sababu wote watageuka kukupa pole, na picha itakuwa yako badala ya kuwa yake. Andika sentensi mbili kumhusu yeye, jina lake likiwa mbele. Yako yana siku yake, bana.