Msisubiri soli itoboke

Kila mwaka muda wa mazoezi ya kufundisha ukikaribia, sisi wa ualimu huwa tunaanza kuhangaika na viatu. Mwaka mzima mtu ameshinda na raba na ndala, halafu ghafla anatakiwa asimame mbele ya kidato cha pili kwa wiki kadhaa, amechomekea, na kiatu cheusi cha ngozi mguuni. Bumu lenyewe mnalijua. Wengi wanakimbilia kiatu kipya cha bei ya chini kinachong'aa dukani, wachache tunashuka Karume kuchambua mitumba. Mimi ni wa Karume, lakini leo sitetei mtumba. Ninachosema ni kwamba tunapaka rangi pale tunapopaona, tunasahau ngozi, halafu tunaenda kwa fundi akiwa hana tena cha kutusaidia. Na hapo ndipo tunasema viatu vya siku hizi havidumu.

Nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nilifanya kosa hilo mwenyewe. Mwaka jana niliokota pale Karume pea nyeusi ya kufunga kamba kwa shilingi 22,000. Soli ilikuwa imetoboka mguu wa kulia, ndiyo maana bei ilishuka. Nikaipeleka kwa mzee anayekaa chini ya mwarobaini nje ya hosteli, nikamwambia aweke soli nzima. Akakikunja kiatu, akakitazama, akaniambia, "Mwalimu, hii ngozi imekufa. Soli nitaweka, ila usije ukanilaumu." Nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Wewe weka tu, fundi." Nikalipa 15,000. Wiki ya tatu ya mazoezi, nikiwa nimechuchumaa kuandika chini ya ubao, ngozi ilichanika pale pale kiatu kinapokunjika, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Soksi ikatoka nje. Darasa la wanafunzi sitini, nadhani hamhitaji niwaeleze kilichofuata. Shilingi 37,000 zikaishia kwenye kiatu chenye soli mpya kabisa isiyo na kazi.

Sasa, ngozi inakufaje? Ngozi ni nyuzi nyingi zilizosokotana, na kiwandani huwa zinatiwa mafuta ili zitelezeane kila kiatu kinapokunjika. Jasho, mvua, jua na vumbi hupunguza mafuta hayo kidogo kidogo. Yakiisha, nyuzi zinasagana na kukatika. Kinachoonekana kwa nje mwanzoni ni makunyanzi, nayo hayana neno, kila kiatu cha ngozi kina makunyanzi. Kinachotakiwa kukutisha ni ufa. Kunja kiatu kwa mkono kama mguu unavyokikunja, halafu angalia ndani ya mikunjo palipo na mwanga. Ukiona mistari iliyopauka, au nyuzi zinazochungulia kama kingo za karatasi iliyochanwa, hapo hakuna mafuta wala fundi wa kuirudisha. Unaweza kuuficha ufa kwa rangi, lakini kuuponya huwezi.

Watu wengi huniambia, "Mbona mimi napiga kiwi kila siku?" Tatizo ni kwamba dawa ya viatu ya kopo kwa sehemu kubwa ni nta na rangi. Inang'arisha na inazuia maji kidogo, lakini haiilishi ngozi ya kutosha. Ukipaka kila asubuhi bila kusafisha, unajenga tabaka juu ya tabaka, na siku moja tabaka hilo linapasuka kwenye mkunjo na kukufanya udhani ngozi ndiyo imepasuka. Zile sponji za kung'arisha haraka zinafaa kwa dakika tano kabla ya usaili, basi.

Ninachofanya mimi kwa pea niliyonayo sasa ni kazi ya jioni moja kila baada ya miezi mitatu hivi, na mara mbili zaidi kama ni msimu wa mvua. Natoa kamba, napiga brashi kutoa vumbi, hasa kwenye mshono unaozunguka kiatu, kwa sababu mchanga ukikaa pale unafanya kazi ya msasa. Napitisha kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo sana, kisha napitisha kingine chenye maji matupu. Najaza magazeti ndani na kuviacha kivulini mpaka kesho yake. Msiviweke juani, na wala msiviweke nyuma ya friji ya mwenzenu, joto likikausha ngozi iliyolowa huifanya ngumu kama ganda. Vikishakauka nachukua krimu ya ngozi isiyo na rangi, kiasi cha punje ya kunde kwa kila mguu, naipaka kwa kipande cha fulana kuukuu na kukazania mikunjo. Naviacha usiku. Asubuhi napiga brashi, ndipo napaka dawa nyembamba ya rangi.

Punje ya kunde, jamani, sio kijiko. Ngozi iliyoshiba kupita kiasi inalegea, kiatu kinapoteza umbo na nta haikai tena. Na mafuta ya kupikia achaneni nayo, yanachacha humo humo ndani na kunasa vumbi. Mafuta ya kujipaka yanabaki juu tu na kuchafua suruali. Kuna jambo jingine lisilo na gharama: msivae pea moja siku mbili mfululizo kama mna namna. Jasho la mguu linahitaji siku nzima kukauka.

Turudi kwa soli. Pea yangu ya pili niliinunua kwa 28,000, kahawia iliyoiva, na safari hii nilikagua kama yule mzee alivyonifundisha. Kwanza ngozi: hakuna ufa. Pili, namna soli ilivyoshikwa. Kuna mkanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu pale kinapokutana na soli, na uzi unaonekana juu ya mkanda huo na chini ya soli pia. Maana yake soli imeshonwa kwenye mkanda, haikushonwa kwenye ngozi ya juu, hivyo fundi anaweza kuitoa na kuweka nyingine bila kukitoboa kiatu chenyewe. Muwe macho, viatu vingi vina mshono wa kuchora, yaani raba imemiminwa ikiwa na alama za uzi. Kipindue. Kama chini hakuna uzi, na ndani ukiinua kitambaa cha unyayo hakuna uzi, hicho kimegundishwa tu. Kugundishwa sio dhambi, fundi anaweza kukibandua na kugundisha soli nyingine, ila uhai wake ni mfupi na si kila mara inalipa.

Baada ya mwaka mmoja wa kuvaa, nilianza kubonyeza soli kwa kidole gumba pale katikati, unapokanyagia ukijinyanyua. Soli ya ngozi ikiwa nzima ni ngumu kama ubao. Siku niliyohisi inabonyea, nilimpelekea mzee hata kabla ya tundu. Watu wa chumbani walinicheka, kwamba napeleka kiatu kizima kwa fundi. Lakini tundu likishatoboka, maji na mchanga vinaingia kwenye tabaka laini la kujazia, vinafika kwenye soli ya ndani, na ikishaoza hiyo, mshono hauna pa kushika. Kazi ya nusu soli inageuka kuwa kazi ya kiatu kizima, au inakuwa haipo kabisa.

Mzee alisema nusu soli inatosha kwa sababu uzi wa mbele ulikuwa haujakatika. Ungekuwa umekatika na soli imeanza kufungua mdomo, angetoa yote na kushona upya kwenye mkanda kwa msharasi, siku mbili na shilingi 25,000. Kwangu alikwangua soli kwa msasa mpaka ikawa na vinyweleo, akafanya vivyo hivyo kwenye kipande cha raba, akapaka gundi pande zote mbili, akaviweka kando na kuanza kazi ya mteja mwingine. Nilidhani amenisahau. Robo saa baadaye akagusa gundi kwa nyuma ya kidole, haikunata, ndipo akabandika na kugonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda kando. Fundi anayebandika gundi ikiwa mbichi atakuona tena baada ya wiki. Nusu soli ilikuwa 12,000, raba ya kisigino 4,000. Kisigino nacho kisisubiriwe: raba ya chini ikiisha unaanza kula mbao za kisigino chenyewe, na kiatu kinalala upande.

Hapa ndipo nagombana na desturi yetu ya "fundi, nishonee pembeni". Mtu akitoka dukani na kiatu kipya moja kwa moja anakwenda kukishona kuzunguka. Kwa raba yenye soli iliyopanda juu kama bakuli, sawa, uzi unapita kwenye raba na unasaidia. Lakini kwa kiatu cha ofisi chenye soli nyembamba, uzi mnene unapitishwa kwenye ngozi ya juu. Umeitoboa matundu hamsini karibu na mahali inapokunjika, maji yanapita humo, na siku ya kubadilisha soli hakuna ngozi nzima iliyobaki. Kama fundi wako anashika sindano kabla hajaangalia chini ya kiatu, mwombe asubiri kidogo.

Na kuna vya kuacha viende. Ngozi yenye ufa kwenye mkunjo, viende. Vile vya ngozi bandia vinavyobanduka magamba na kuonyesha kitambaa, viende. Wenye mitumba yenye soli nyepesi kama sponji mjue kwamba baadhi humomonyoka kama keki kwa unyevu wa Dar hata kama havijavaliwa, kwa hiyo bonyezeni kwa kucha kabla ya kulipa. Lakini kama ngozi yake ya juu ni nzima, hicho hakijafa, fundi ana soli za raba tayari za kuweka.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye hununua vipya, ananiuliza nimeokoa nini. Tulipiga hesabu pamoja: mimi kiatu 28,000, krimu 6,000, fundi 16,000, jumla 50,000. Yeye pea mbili kwa kipindi hicho hicho, 60,000. Akacheka, elfu kumi tu! Ni kweli, elfu kumi tu. Ila vyake vyote viwili vimekwisha, na vyangu navivaa Jumatatu kwenda kuripoti shuleni.